Wajerumani wanataka tufanye sikukuu ya mavuno pamoja Oktoba. Oktoba sisi tuna mavuno gani?

KatibuWaUsharika (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Mimi ni katibu wa usharika wa Kilutheri kijijini huku Njombe. Tuna usharika rafiki Bavaria, Ujerumani, tunaandikiana barua na kuombeana miaka mingi. Sasa wameleta wazo kwamba ibada ya mavuno tuifanye siku moja, wao kwao na sisi kwetu, tuonane kwa video. Siku wanayotaka ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ndiyo siku yao tangu zamani. Wazee wa kanisa wamelipenda, na mchungaji kaniachia mimi kupanga kalenda ya mwakani.

Shida ni kwamba Oktoba tuliwahi kuijaribu miaka kadhaa nyuma. Mahindi yetu tunavuna Julai, mtu akichelewa sana Agosti. Ilipofika Oktoba watu walishauza, hela imeenda kwenye ada na mbolea. Waliobaki nayo walileta madebe yametobolewa na dumuzi, unga unamwagika mlangoni. Mnada baada ya ibada ukadoda. Kuna mzee alinunua debe gengeni ili asije mikono mitupu, na mimi ndiye niliyempokea nikijua kabisa kalitoa wapi. Sikujisikia vizuri.

Kwenye kikao mjumbe mmoja alisema ni suala la ikweta tu: wao kaskazini, sisi kusini, basi kila kitu kinapishana miezi sita. Nikahesabu kwa vidole. Toka Julai hadi Oktoba ni miezi mitatu. Hiyo sita iko wapi?

Naombeni msaada wa mambo mawili. Kwanza, kwa nini tarehe zinapishana hivi? Pili, mngekuwa mimi mngepanga lini?

MwalimuRamani (saa 2:41 usiku)

Mkuu, hilo ni somo la kidato cha pili. Dunia inazunguka jua kwa njia ya duaradufu, si duara kamili. Kuna miezi iko karibu na jua na kuna miezi iko mbali. Ikiwa karibu ni kiangazi, mazao yanakomaa, watu wanavuna. Ikiwa mbali ni baridi. Kusini na kaskazini zinapokezana. Mjumbe wenu yuko sahihi.

Mchapakazi (saa 2:44 usiku)

Mwalimu, dunia ikisogea karibu na jua si inasogea yote? Kaskazini inabakije nyuma?

MwalimuRamani (saa 2:52 usiku)

Acha utani mkuu. Nasubiri wajuzi wengine.

NesiWaMunich (saa 3:05 usiku)

Niko Munich mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya uuguzi, asili yangu Iringa. Nikuambie kitu kitakachokuchanganya zaidi, kaka katibu. Hawa watu ngano yao hawavuni Oktoba. Mwaka wa kwanza nilipanda treni mwishoni mwa Agosti, nikaona mashamba yote yamebaki mabua, mashine zimeshapita. Ngano wanakata Julai na Agosti. Kwa hiyo ngano yao na mahindi yenu vinaingia ghalani mwezi mmoja!

Kanisani Oktoba mbele ya madhabahu unakuta taji la masuke ya ngano, lakini ni masuke ya miezi miwili nyuma. Vilivyo vibichi ni maboga, tufaha, viazi, zabibu, karoti za bustanini, na mkate mkubwa. Mama mmoja wa usharika aliniambia siku hiyo inafuata sikukuu ya Mikaeli, Septemba 29, maana zamani ndiyo iliyofunga mwaka wa mkulima: mazao yote yako ndani, kodi ya shamba inalipwa, vibarua wanamaliza mikataba. Jumapili inayofuata ndiyo wanashukuru.

KatibuWaUsharika (saa 3:19 usiku)

Nesi, umenivuruga vizuri. Kwa hiyo sisi kusini na wao kaskazini tunavuna Julai pamoja, halafu sikukuu tunapishana. Sasa ile habari ya ikweta imekufa au bado iko hai?

BwanaShambaWaZamani (Jumanne, saa 12:20 asubuhi)

Iko hai, ila haifanyi kazi kila mahali. Nimestaafu ugani, nimezunguka Nyanda za Juu Kusini miaka thelathini na kitu, ngoja niweke langu.

Kwanza mwalimu, kwa heshima zote, suala la umbali ulitoe. Dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147. Iko mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Januari hiyohiyo Nesi anakwangua barafu kwenye baiskeli. Umbali ungekuwa ndio sababu, Januari Bavaria wangekuwa wanavuna nyanya.

Sababu ni kwamba dunia imeinama, nyuzi 23 na nusu hivi, na inabaki imeinamia upande uleule mwaka mzima inapozunguka. Juni upande wa kaskazini ndio unaoelekea jua, Desemba ni zamu ya upande wa kusini. Usiniamini mimi, amini kijiti. Chomeka kijiti cha mita moja wima mahali tambarare, upime kivuli jua linapofika juu kabisa. Kwa Njombe si saa sita kamili, ni karibu na saa sita na dakika arobaini, kwa sababu saa yetu imepangwa kwa mstari ulioko mashariki zaidi yetu.

Juni 21 kivuli chako kitakuwa sentimita 64, kinaelekea kusini. Desemba 21 kitakuwa sentimita 25 tu, na kimegeuka kinaelekea kaskazini. Maana yake jua limekuvuka kichwani, limekwenda upande wa pili. Nesi akichomeka chake Munich, Juni atapata sentimita 46. Desemba atapata mita tatu.

Mita tatu! Jua linatambaa juu ya paa za nyumba tu, na mchana wote hauzidi saa nane na kitu. Hapo mmea haukui. Kwetu tofauti ya sentimita 64 na 25 haiui mmea wowote. Mahindi ya Njombe hayazuiwi na kukosa jua.

Kwa hiyo jiulize zao linasubiri nini. Kule linasubiri joto. Ngano yao wanaipanda Oktoba, inachipua, inalala chini ya baridi, inaamka Machi, inakomaa Julai. Huku zao linasubiri maji. Mambo mawili tofauti yameangukia mwezi mmoja kwa bahati tu. Hiyo ndiyo miezi sita yako iliyopotea.

ZabibuChungu (saa 1:02 asubuhi)

Mimi niko Dodoma, nalima zabibu upande wa Mpunguzi. Kama mnazungumzia mavuno, mimi navuna mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza mwezi wa pili na wa tatu, ya pili mwezi wa nane kwenda wa tisa. Sasa mimi nishukuru mara ngapi? Na pia naulizia wanunuzi wa uhakika, mwenye namba aje inbox.

MwalimuRamani (saa 1:30 asubuhi)

Huyu ndiye shahidi wangu. Mwezi wa tatu kusini, mwezi wa tisa kaskazini, miezi sita imekamilika. Mavuno ya Agosti hayo ni ya dawa.

ZabibuChungu (saa 1:34 asubuhi)

Dawa gani mwalimu? Ni mkasi. Nikipunguza matawi leo, mzabibu unachipua, na baada ya miezi minne hivi nakata vichala. Nisipopunguza unakaa na majani yake yamechoka, hauzai cha maana.

BwanaShambaWaZamani (saa 3:15 asubuhi)

Wote wawili mmesema kitu. Mwalimu, kwa zabibu za nchi za baridi uko sahihi kabisa, na ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa nusu mbili za dunia. Mendoza, Argentina, iko nyuzi 33 kusini. Mzabibu wake unapukutisha majani kwa baridi ya Juni, unalala, unaamka Septemba, na zabibu zinakatwa kuanzia Februari hadi Aprili. Sikukuu yao ya taifa ya mavuno ya zabibu inafanyika kila mwanzo wa Machi, imerasimishwa tangu 1936. Wanaanza kwa kubariki matunda, wanabeba sanamu ya Bikira Maria wa Carrodilla, mlinzi wa mashamba yao ya mizabibu, wanapita mitaani na magari yaliyopambwa, wanamaliza na onyesho la usiku kwenye uwanja wa wazi wenye vilima pembeni. Mzabibu wa aina hiyohiyo ukiwa Ujerumani unaamka Aprili na unakatwa Septemba na Oktoba, na sherehe zao zinaanzia hapo. Machi na Septemba, miezi sita kamili.

Ila Dodoma iko nyuzi sita tu kusini. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeulaza na kuuamsha ni mkulima kwa mkasi wake. Bonde la mto São Francisco kule Brazili wanafanya vivyo hivyo kwa umwagiliaji, na wanaweza kuvuna mwezi wowote wanaoutaka. Kwa hiyo ndugu wa Mpunguzi, kalenda yako haipangwi na nusu ya dunia. Unaipanga wewe, halafu mvua inakurekebisha. Zao la mwezi wa pili likikutana na mvua vichala vinaoza ukungu, ndiyo maana wengi wanalipenda la Agosti, kavu na tamu.

ZabibuChungu (saa 3:21 asubuhi)

Hapo kwenye ukungu umenigusa. Wanunuzi vipi?

MamaMahindi_Kitale (saa 5:48 asubuhi)

Salamu kutoka Kitale, Kenya. Nimesoma nikacheka. Huyo katibu akitaka kuimba na Wajerumani Oktoba, atuachie sisi. Hapa tunapanda mwisho wa Machi hadi Aprili mvua ikishika, na tunavuna Oktoba, Novemba, wengine hadi Desemba. Kanisani kwetu siku ya mavuno huwa Novemba hivi, lori linajaa magunia na kuku wanafungwa miguu chini ya viti.

Lakini swali langu ni hili. Mahindi ni yaleyale, udongo mwekundu uleule, baridi ya usiku ileile. Huyu yuko Njombe anavuna Julai, mimi Oktoba. Nami sina theluji. Kwa nini?

BwanaShambaWaZamani (saa 6:30 mchana)

Mama, nilikuwa namsubiri mtu wa Kitale. Unapanda mbegu gani?

MamaMahindi_Kitale (saa 6:37 mchana)

H614. Miaka yote. Watoto wananiambia nibadilishe, sitaki.

BwanaShambaWaZamani (saa 7:10 mchana)

Basi imekuwa nzuri zaidi, maana H614 ilizaliwa hukohuko Kitale na hapa Nyanda za Juu Kusini wakulima wetu wameipanda miaka na miaka. Katibu, muulize mzee yeyote hapo kijijini. Mbegu ni moja. Inahitaji kama miezi sita hadi saba mahali pa baridi. Mama anaizika Aprili, miezi hiyo inaishia Oktoba au Novemba. Katibu anaizika mwishoni mwa Novemba au Desemba, miezi hiyo inaishia Juni au Julai. Anayewatenganisha ni siku ya kwanza ya mvua.

Na mvua inalifuata jua. Pale jua linapopita utosini ardhi inachemka, hewa inapanda, na pepo za kaskazini na za kusini zinakimbilia kujaza nafasi hiyo. Zinapokutana, mvua. Mkanda huo wa mvua unatembea nyuma ya jua, unachelewa kama mwezi mmoja au zaidi, kama ng'ombe nyuma ya mchungaji. Njombe jua linapita utosini katikati ya Oktoba likienda kusini, na tena mwishoni mwa Februari likirudi. Mvua yetu inaanza Novemba, inakaa, inatuacha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ni msimu mmoja mrefu, kwa sababu sisi tuko karibu na mwisho wa safari ya mkanda. Unafika, unageuka, unarudi, bila kupumzika katikati.

Mkanda huo ukivuka ikweta Machi na Aprili, mama naye anapata yake. Kitale ni nyuzi moja tu kaskazini, lakini mvua yake haikatiki Juni kama ya Machakos, kwa sababu kati ya mwaka kuna unyevu unaosukumwa kutoka upande wa Kongo na Ziwa Viktoria unapanda milima ya huko. Kwa hiyo ana msimu mrefu Machi hadi Oktoba. Mwalimu, zingatia Machakos. Iko kusini ya ikweta kama sisi, lakini mkanda unaipitia kwenda na kurudi, wana mvua mbili na mavuno mawili, mwanzo wa mwaka na katikati ya mwaka. Ukiwaambia wako kusini basi wavune kinyume na Ulaya, hawatakuelewa.

MwalimuRamani (saa 8:02 mchana)

Nimekubali suala la umbali, nilikuwa nakumbuka vibaya, naomba radhi kwa Mchapakazi. Lakini kwa jumla bado nasema mavuno ya kaskazini ni ya Septemba na Oktoba. Hata Biblia, sikukuu za mavuno ziko wapi? Kaskazini.

MzeeWaZamu (saa 8:40 mchana)

Mwalimu, Biblia inakupinga. Nchi ile iko kaskazini, nyuzi 32 hivi, lakini mvua yake inanyesha wakati wa baridi. Shayiri inakatwa karibu na Pasaka, ngano mpaka Pentekoste, yaani Mei na Juni. Kutoka 23:16 inataja sikukuu mbili: ya mavuno, ambayo ni malimbuko ya ulichopanda, na ya kukusanya vitu vyote mwisho wa mwaka. Hii ya pili ndiyo inayoangukia Septemba na Oktoba, zabibu na zeituni zikiwa zimeingia. Wajerumani wamefanana na ya pili. Nyie Njombe mnafanya ipi?

KatibuWaUsharika (saa 9:15 alasiri)

Mzee wa zamu, swali hilo hatujawahi kujiuliza. Tunasema "mavuno" tu. Ila bibi yangu alikuwa hawezi kula hindi bichi la kwanza mwezi wa tatu bila kupeleka kikapu kwa mchungaji. Alisema ni malimbuko. Siku hizi watu wanachoma tu barabarani.

BwanaShambaWaZamani (saa 10:05 jioni)

Hapo ndipo penye nusu ya jibu lako. Usilinganishe tarehe za sikukuu kabla hujajua ni ya mwanzo wa zao au ya mwisho wake. Eswatini iko kusini kuliko sisi, na sherehe yao kubwa, Incwala, ni ya Desemba na Januari. Mtu akiisikia anadhani wanavuna Desemba. Hapana, mahindi makavu bado kabisa. Ni malimbuko: mfalme anaonja mazao mapya, ndipo na watu wanaruhusiwa kuonja. Siku yenyewe inatafutwa kwa mwezi na jua. Vijana wanakwenda kukata matawi ya mti wa lusekwane kwenye mbalamwezi, na yote yanapangwa kuzunguka siku ile jua linapofika mwisho wake wa kusini. Zao lilelile lingekuwa na sikukuu ya mwisho, ingekuwa miezi mitano mbele.

Hivyo Njombe mna tarehe mbili za kweli: malimbuko Machi, mavuno Julai hadi Agosti. Oktoba si mojawapo.

Mmakunduchi (saa 1:12 usiku)

Nyinyi nyote mmesahau mwaka wetu. Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, na unakuja mwezi huuhuu wa Julai. Watu wanapigana kwa migomba, kibanda kinatiwa moto, wanawake wanaimba, kila nyumba ina chakula. Na wakulima wa zamani walihesabu toka siku hiyo kwa miongo, kumi kumi, mpaka waseme mwongo fulani ndio wa kupanda mtama, mwongo fulani baharini pepo zinageuka. Babu yangu hakuwa na kalenda ya ukutani.

MwalimuRamani (saa 1:25 usiku)

Kwa hiyo Mwaka Kogwa ni sikukuu ya mavuno ya kusini. Asante.

Mmakunduchi (saa 1:31 usiku)

Mimi sijasema mavuno. Ni mwaka. Mwalimu unapenda kutia maneno mdomoni.

BwanaShambaWaZamani (saa 2:20 usiku)

Mmakunduchi ameleta kitu cha maana kwa katibu, maana kinaonyesha tarehe inavyoweza kupotea hata ikiwa ni ya jua. Mwaka wa Nairuzi wa pwani ni siku 365 bila nyongeza. Miongo 36 ya siku kumi, na siku tano za mwisho. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo. Kila miaka minne Nairuzi yetu inarudi nyuma siku moja. Mtu wa miaka 80 amezaliwa na mwaka ukiwa siku 20 mbele ya ulipo sasa. Wairani, ambao jina Nairuzi limetoka kwao, waliuzuia wao Machi usiku na mchana zinapolingana. Wa pwani ukaendelea kuteleza, na Waparsi, watu wa India wenye asili ya Irani, wanaofuata hesabu hiyo ya kale bila nyongeza, wale wanaoitwa Kadmi, wanaanza mwaka katikati ya Julai kama Makunduchi.

Mmakunduchi (saa 2:44 usiku)

Sawa, lakini wazee walikuwa wajinga? Mwongo wa kupanda ungekuwa unateleza wangelala njaa.

BwanaShambaWaZamani (saa 2:58 usiku)

Siku 20 katika maisha ya mtu mzima zinarekebishika. Unamwambia mwanao "siku hizi ongeza mwongo mmoja," yeye naye anaongeza mwingine kwa mwanawe. Lakini jinsi walivyokuwa wakikubaliana kijiji kizima, hilo uwaulize wa kwenu.

Mmakunduchi (saa 3:03 usiku)

Nitamuuliza shangazi. Sikubaliani bado.

KatibuWaUsharika (Jumatano, saa 11:50 alfajiri)

Nimesoma yote mpaka bando limekata. Sasa nisaidieni tarehe. Nikiweka Jumapili ya mwanzo wa Julai, wengine bado mahindi yako shambani. Nikiweka mwisho wa Agosti, wengine wameuza. Mchungaji anasema Julai katikati.

BwanaShambaWaZamani (saa 1:15 asubuhi)

Usipange kwa tarehe ya mwaka jana, panga kwa punje. Hindi likikomaa, ukibandua punje utaona kidoa cheusi kwenye kitako chake. Kidoa hicho kikishatokea, punje haipokei tena chakula kutoka kwenye gunzi, kilichobaki ni kukauka. Lakini komavu si kavu. Kidoa kinapoonekana punje ina maji ya kama theluthi, na gunia salama linataka yasizidi asilimia 13 na nusu. Njombe Juni kuna ukungu na baridi, kukauka kunachukua wiki nyingi.

Ukifanya mnada Julai mapema, kanisa litapokea mahindi mabichi, litayarundika ofisini, na baada ya wiki mbili yanapata joto, yananuka, yanaota ukungu. Huo ukungu ndio unaoleta sumukuvu, na haiondoki kwa kupika. Halafu usharika unayauza kwa shule. Unaona hatari hiyo?

Kipimo cha bei rahisi: chukua chupa ya kioo kavu na chumvi kavu kabisa, vijiko vichache. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikiganda pembeni ya kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Chumvi ikidondoka yote chini, yako chini ya hapo, unaweza kupokea, ila yaanikwe bado mpaka yafike ile 13 na nusu. Weka chupa mlangoni pa kanisa.

Kwa kijiji chako ningetazama Jumapili ya pili ya Agosti. Jua la kukausha lipo, na dumuzi bado hajafanya kazi kubwa.

MamaMahindi_Kitale (saa 2:02 asubuhi)

Hiyo ya chumvi tunaijua. Ila watu wangu wanaleta chumvi yenyewe imelowa, halafu wanakataa gunia la jirani.

NesiWaMunich (saa 2:30 asubuhi)

Na Wajerumani? Usiwavunje moyo, wamefurahia sana wazo hilo.

MzeeWaZamu (saa 2:48 asubuhi)

Oktoba kwenu watu wanafanya nini shambani?

KatibuWaUsharika (saa 3:10 asubuhi)

Wanasafisha, wanalima matuta, wanatafuta mbegu na mbolea. Mvua inasubiriwa.

MzeeWaZamu (saa 3:14 asubuhi)

Basi Oktoba leteni mbegu na majembe, yaombewe. Wao waonyeshe maboga, nyie muonyeshe mbegu.

NesiWaMunich (saa 3:20 asubuhi)

Na wao Oktoba hiyohiyo ndiyo wanapanda ngano ya mwakani, nilisahau kusema. Wataelewa haraka kuliko unavyofikiri.

KatibuWaUsharika (Alhamisi, saa 2:35 usiku)

Mrejesho, wakuu. Nimepeleka kwa mchungaji: mavuno na mnada Jumapili ya pili ya Agosti, Oktoba ibada ya mbegu kwa video. Yeye amekubali. Mhazini hajakubali, anasema siku mbili ni sadaka mbili na watu watagawa ileile. Wazee wawili wanataka pia malimbuko ya Machi yarudishwe, kwa heshima ya kina bibi. Kikao kimeahirishwa.

Nimejaribu chupa na debe langu mwenyewe, nililokuwa najivunia kwamba liko tayari. Chumvi imeganda kioo kizima. Kesho naanika tena.

ZabibuChungu (saa 2:51 usiku)

Hiyo chupa inafanya kazi kwa zabibu za kukausha?